Maswali ya Ufahamu Yamekuja Bila Kifungu: Ujibu Lipi, Uombe Nini

Mtoto wa skuli akitaka kusaidiwa ufahamu, mara nyingi hupiga picha ukurasa wa maswali peke yake. Kwake yeye kazi ni maswali. Kifungu keshakisoma, kiko kwenye ukurasa wa nyuma, au kiko kwenye kitabu alichoazima na kukirudisha. Ujumbe unamfikia ami yake Mjini, au dada aliyeko chuoni, au mwalimu wa twisheni: "Shikamoo ami, nisaidie haya, ya kesho." Juu ya picha pameandikwa "Soma kifungu cha habari kifuatacho kisha jibu maswali", na kifungu chenyewe hakipo.

Mwongozo huu ni wa huyo anayepokea picha. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu maelezo matupu hayamwonyeshi mtu jinsi jibu lenye sura nzuri linavyoweza kuwa bovu.

Maswali yenyewe ni haya, ya mwanafunzi wa Kidato cha Pili kutoka Wete. Nimeyatunga mimi, lakini kila mwalimu wa Kiswahili atayatambua:

1. Kwa mujibu wa kifungu, kwa nini kima cha pishi kilipanda msimu ule? (alama 2)
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) kima (b) ua (alama 2)
3. Taja hasara mbili zilizompata Mzee Makame kwa kuanika karafuu barabarani. (alama 4)
4. Andika sentensi hii katika wingi: "Mkarafuu huu umezaa sana." (alama 1)
5. Neno "huyo" katika aya ya tatu linamrejelea nani? (alama 1)
6. Kweli au Si kweli: Mzee Makame alikubali ushauri wa mwanawe mara moja. (alama 1)
7. Pendekeza kichwa cha habari kisichozidi maneno matano. (alama 1)
8. Fupisha aya mbili za mwisho kwa maneno yasiyozidi 30. (alama 3)

Hatua ya kwanza: usijibu, panga

Soma maswali yote kabla ya kuandika hata neno moja, na kila swali uliulize kitu kimoja: jibu lake limo kichwani mwangu au limo ndani ya kifungu?

Swali la 4 limo kichwani. Wingi wake ni "Mikarafuu hii imezaa sana", na hautabadilika hata kifungu kikisema nini. Hili lijibu sasa hivi. Maswali ya ngeli, kinyume cha neno, kugeuza kauli ya kutenda iwe ya kutendwa, au kutunga sentensi kwa neno ulilopewa nayo ni ya kundi hili, alimradi sentensi yenyewe imeandikwa ndani ya swali. Swali likisema "geuza sentensi ya kwanza ya aya ya pili", hapo tayari umeshakwama.

Swali la 2 limo nusu kwa nusu, nami nitalirudia baadaye maana lina mtego wake.

Yote yaliyobaki, yaani la 1, 3, 5, 6, 7 na 8, yamo ndani ya kifungu. Hesabu alama zake: 12 katika 15. Hesabu hiyo mwambie mtoto, kwa sababu ndiyo itakayomfanya anyanyuke akatafute ukurasa. Ukimwambia tu "tuma kifungu" ataona unamsumbua.

Maneno ya kuyatazama ndani ya swali ni "kwa mujibu wa kifungu", "kama lilivyotumika", "mwandishi anasema", "katika aya ya", na majina ya watu usiowajua. Lakini swali la 3 halina "kwa mujibu wa kifungu" popote, na bado ni la kifungu tupu. Linalolifunga ni jina la Mzee Makame na kile kitenzi "zilizompata". Lingesema "Taja hasara mbili za kuanika karafuu barabarani", mtu yeyote aliyekulia Pemba angeweza kulijibu. Kiambishi "-m-" pekee ndicho kilicholihamisha swali kutoka kwenye ujuzi wako kulipeleka kwenye karatasi ambayo huna.

Hatua ya pili: yakamue maswali kabla ya kuomba

Maswali yanajua mambo mengi kuhusu kifungu. Yakusanye, kwa sababu yatakusaidia baadaye kuhakiki kama kifungu utakacholetewa ndicho chenyewe.

Katika mfano wetu, swali la 1 linakubali bila kubishana kwamba kima cha pishi kilipanda, na kwamba habari inahusu msimu mmoja. Swali la 3 linakubali kwamba Mzee Makame alianika barabarani na kwamba alipata hasara zisizopungua mbili. Swali la 5 linasema aya ni tatu au zaidi, na kwamba "huyo" imo katika ya tatu. Kutokana na la 6 tunajua Makame ana mtoto, na kuna ushauri uliotolewa. La 8 linadokeza kwamba aya mbili za mwisho zina mambo ya kutosha kujaza maneno 30.

Hapa pana tahadhari moja. Swali la "kwa nini" huchukulia jambo kuwa limetokea, kwa hiyo unaweza kuliamini. Sentensi ya Kweli au Si kweli haina ahadi hiyo, na vile vile vipengele vya kuchagua A hadi D. Vingine vimewekwa makusudi viwe uongo. Kwa hiyo kutoka swali la 6 chukua kwamba ushauri upo, lakini usichukue kwamba ulikubaliwa. Wala sentensi ya swali la 4 usiitegemee: huenda mwalimu kaitoa ndani ya kifungu, huenda kaitunga mwenyewe ili apime wingi tu.

Orodha hii fupi iandike pembeni. Tuiite alama za kifungu: kima cha pishi, Makame, mwanawe, barabarani, "huyo" aya ya tatu, aya tatu au zaidi, neno "ua".

Hatua ya tatu: omba, na uombe kwa ukamilifu mara moja

"Kifungu kiko wapi?" ni ombi baya. Mtoto atapiga picha nyengine ya haraka, nusu ya ukurasa, kivuli cha kichwa chake kimekaa juu ya aya ya pili, halafu bando limemalizika. Ombi zuri linasema nini kipigwe, kuanzia wapi hadi wapi, na nini kifanyike kama hakipo. Kwa mfano:

"Marahaba mwanangu. Nimeona maswali. La 4 nimekujibu hapo chini. Mengine sita yana alama 12 na majibu yake yamo kwenye habari uliyosoma, siwezi kuyajua bila kuiona. Nipigie picha habari nzima, kuanzia pale palipoandikwa 'Soma kifungu' hadi nukta ya mwisho, hata ikiwa kurasa mbili. Pembe nne za karatasi zionekane. Ikiwa ni kitabu, nipigie na jalada. Ikiwa ni mtihani wa nyuma, niambie wa mwaka gani na wa nani. Ikiwa karatasi huna, nani darasani anayo?"

Kila sentensi hapo ina kazi. Pembe nne ni kwa sababu upande wa kushoto wa ukurasa wa kulia wa kitabu hukunjika kuingia kwenye mshono, na mwanzo wa kila mstari unapotea. Ukikosa herufi tatu za mwanzo hujui kama ni "alikubali" au "hakukubali". Hicho ndicho kipande ambacho swali la Kweli au Si kweli linakitaka. Kwenye WhatsApp, picha yenye maandishi madogo ni bora aitume kama faili kupitia "Document", au abonyeze "HD" kabla ya kutuma, maana picha ya kawaida hubanwa na herufi zikaota ukungu.

Jalada au mwaka ni kwa ajili ya wewe mwenyewe kukitafuta kifungu akishindwa yeye. Na hapo neno "mtihani wa taifa" halitoshi. Huku Zanzibar mtihani wa Kidato cha Pili unatungwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na wa Kidato cha Nne na NECTA. Mwaka ule ule, somo lile lile, ni karatasi mbili tofauti zenye vifungu tofauti. Ukiuliza mwaka bila kuuliza wa nani, unaweza kupoteza jioni nzima kwenye karatasi isiyohusika. Mitihani ya majaribio ya wilaya na ya skuli huwa haipatikani popote isipokuwa kwa waliofanya, kwa hiyo ukijibiwa "ni moko" achana na kutafuta, rudi kwenye swali la mwisho la ujumbe: nani darasani anayo?

Picha ikishindikana kabisa, mwambie akusomee kwa sauti na kuirikodi. Kifungu cha ukurasa mmoja hakizidi dakika tatu nne. Mpe masharti mawili tu: atamke "aya mpya" kila anapofika mwanzo wa aya, na asome kama palivyoandikwa bila kuruka neno asilolielewa. Bila "aya mpya" swali la 5 na la 8 hayajibiki. Na lile neno asilolielewa ndilo mara nyingi limeulizwa maana yake.

Asichoruhusiwa ni kukuhadithia. "Habari yenyewe inahusu mzee mmoja alikuwa akianika karafuu mvua ikamnyeshea" ni msaada mdogo kuliko unavyodhani. Inakupa mwanga wa kichwa cha habari, basi. Aliyekuhadithia kashabadilisha maneno, kafuta viwakilishi, na kaacha sababu za mambo, yaani kaondoa hasa vitu vilivyoulizwa.

Ikiwa kifungu ni shairi, sisitiza zaidi: atume mistari kama ilivyopangwa. Shairi lililoandikwa mfululizo kama habari limepoteza beti na mishororo, na huwezi kujibu swali la vina vya kati wala kibwagizo. Na kama ni ufahamu wa Kiingereza, tafsiri ya Kiswahili aliyokufanyia haifai kitu kwa maswali ya msamiati, hata ikiwa nzuri.

Hatua ya nne: kifungu kimekuja, hakiki kwanza

Tuseme mtoto kapata picha kwa jirani yake wa dawati. Kifungu ni hiki:

"Msimu ule mikarafuu ya Mzee Makame ilizaa kupita kiasi. Mashamba ya majirani yalikuwa vivyo hivyo, na wachumaji hawakutosha. Aliyekubali malipo jana, leo alitaka nyongeza. Asiyepewa aliteremka mtini akaenda kwa mwengine. Ndani ya wiki moja kima cha pishi kilipanda mara mbili.

Asha, binti yake, alimshauri, 'Baba, mwaka huu tusianike barabarani. Ua wetu unatosha majamvi sita.' Mzee Makame alinyamaza. Ua wenyewe ulijaa kuni na matofali, na kuusafisha ni kazi ya siku nzima. Akaendelea kuanika kando ya lami.

Siku ya tatu mvua ilishuka ghafla. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni mwendo, na kabla hawajafika gari la abiria lilikuwa limepita juu ya jamvi moja. Zilizobaki zililowa, zikaanza kubadilika rangi. Hamadi, jirani yao, alikuja mbio kusaidia kukusanya. Huyo ndiye aliyemwambia Mzee Makame maneno ambayo Asha aliona mazito kuyarudia.

Jioni ile Mzee Makame alianza kuhamisha matofali, moja moja. Hakusema kitu. Asha naye hakuuliza, alichukua fagio."

Kabla ya kujibu, pitisha zile alama ulizoziandika. Kima cha pishi kipo, Makame yupo, mwana yupo, barabarani ipo, "ua" ipo, "huyo" iko aya ya tatu, na aya ni nne. Zote zimekaa. Kingekosekana kitu kimoja, mathalani aya ya tatu isiwe na "huyo", ujue ama picha imekatwa ama kifungu kimetoka toleo jengine la karatasi. Vifungu vya karafuu vimejaa kwenye vitabu vya skuli zetu, na viwili vinaweza kufanana mno mpaka ukafika swali la tano ndipo ukashtuka.

Kile ambacho kukisia kungekupa

Sasa tulinganishe. Chukulia kaka wa mtoto huyo alikwishamjibia maswali yote bila kifungu, na kaka si mjinga: kakulia shambani na anaijua karafuu.

Swali la 1 alijibu: "Kilipanda kwa sababu karafuu zilikuwa chache, upepo uliangusha mikarafuu." Ni jibu lenye akili. Kitu kikiadimika bei hupanda, na kila anayeijua historia ya visiwa hivi anajua tufani ya 1872 ilivyoisambaratisha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa na kuwa ndiyo kisiwa cha karafuu. Lakini kifungu kinasema kinyume chake kabisa. Karafuu zilikuwa nyingi mno, wachumaji hawakutosha, kwa hiyo kilichopanda ni malipo ya kuchuma kila pishi, wala si bei ya kuuzia. Alama mbili zimekwenda, na jibu la kaka halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Hiyo ndiyo hatari ya kukisia kwa mtu anayejua sana.

Swali la 3 alijibu: vumbi na mchanga huingia, na wezi wanaweza kuiba. Yote ni kweli barabarani. Hakuna hata moja iliyompata Mzee Makame. Majibu ni kwamba gari lilipita juu ya jamvi moja, na karafuu zilizobaki zililowa zikabadilika rangi. Kumbuka alama zilikuwa 4 kwa hasara mbili, yaani kila moja ina 2. Hapo msahihishaji anatarajia sentensi kamili inayotaja kilichotokea, si neno moja kama "mvua". Ndiyo maana nakuomba uangalie alama katika picha ya maswali, na zisipoonekana uziulize.

Swali la 5 aliandika "Mzee Makame". Ukiwa na jina moja tu mkononi, utalitumia hilo hilo. Jibu ni Hamadi, mtu ambaye hakutajwa popote katika maswali. Kiwakilishi hakikisiwi.

Swali la 6 alipatia. Si kweli. Aliona "mara moja" akajua ni mtego, maana watunzi wa mitihani hupenda kutia maneno kama "mara moja", "daima" na "wote" kwenye sentensi za uongo. Kapata alama bila kuwa na ushahidi, na mwalimu akimuuliza mtoto darasani "umejuaje?" hatakuwa na la kusema. Ushahidi uko aya ya pili: alinyamaza, akaendelea kuanika kando ya lami.

Swali la 7 aliandika "Faida za Zao la Karafuu". Kifungu hakina faida hata moja ya karafuu. "Ushauri wa Asha" kingepita, au "Mzee Makame na Karafuu Zake". La 8 alilitungia hadithi yake mwenyewe ya maneno 30 kamili, na hilo sina haja ya kulieleza.

Msamiati, palipo na mtego

Nilisema swali la 2 limo nusu. Neno "kima" lina maana zisizopungua tatu ambazo mtoto wa Zanzibar anazijua: mnyama, kama kima punju wa Jozani, nyama ya kusaga inayotiwa kwenye sambusa, na kiwango au bei ya kitu. Bila kifungu unaweza kuondoa mbili, kwa sababu swali la 1 lenyewe limesema "kima cha pishi". Basi unajua ni kiwango. Usichojua ni kiwango cha nini: bei ya kununulia au ujira wa kuchuma. Hapo jibu lako liishie "kiwango au bei, kifungu kitaamua ya nini". Kikishafika, andika "kiwango cha malipo ya kuchuma".

"Ua" ndilo lililomwangusha kaka. Karafuu ni kichomozo cha ua kinachochumwa kabla hakijachanua, kwa hiyo kaandika "sehemu ya mmea inayochanua". Kifungu kinasema "ua wetu unatosha majamvi sita" na "ua wenyewe ulijaa kuni", yaani uwanja wa nyumba uliozungushiwa ukuta au makuti. Angalia pia upatanisho: ua la mti lingekuwa "ua letu linatosha". Herufi moja ya upatanisho inaamua maana, na herufi hiyo iko kwenye kifungu tu.

Kwa hiyo ukilazimika kutuma kitu kabla kifungu hakijaja, kwa msamiati tuma maana zote unazozijua, na dalili ya kuzitofautisha: "Ikiwa imeandikwa ua la au ua li-, ni la mmea. Ikiwa ni ua wa au ua u-, ni uwanja." Mtoto aliye na kitabu atalimaliza mwenyewe.

Kifungu kisipopatikana kabisa

Inatokea. Karatasi zilikusanywa, au habari iliandikwa ubaoni na hakuna aliyenakili.

Hapo andika swali la 4, andika la 2 kwa namna niliyoeleza, na kwa yaliyobaki usimpe mtoto majibu. Mpe mahali pa kutazama: "La 1, tafuta sentensi yenye 'kima cha pishi', usome na mbili zilizo kabla yake, sababu huwa inatangulia. La 5, tafuta 'huyo', rudi nyuma mpaka jina la karibu, kisha liweke mahali pake uone kama sentensi inasimama. La 8, usianze kufupisha kabla hujaandika tendo moja kuu la kila aya." Maelekezo hayo yanafanya kazi siku yoyote kifungu kitakapoonekana, hata asubuhi ile kabla kengele haijalia.

Na juu ya daftari mwambie aandike wazi: "Kifungu sikukipata, maswali 1, 3, 5, 6, 7 na 8 sijayajibu." Walimu wengi ninaowafahamu wanapendelea mstari huo kuliko ukurasa uliojaa. Ukurasa uliojaa makisio mwalimu huusoma kama mtoto aliyesoma kifungu asikielewe, akaanza kumfundisha ufahamu upya, ilhali shida ilikuwa karatasi tu.

Ndani ya chumba cha mtihani

Hili ni tofauti, maana huna wa kumtumia ujumbe. Karatasi zinachapwa na kubanwa kwa wingi, na ukurasa unaweza kuruka. Ukiruhusiwa kufungua, kabla ya kusoma swali lolote tazama namba za kurasa zikifuatana, na linganisha na idadi iliyotajwa katika maelekezo ya ukurasa wa mwanzo kama imetajwa. Kisha tafuta "Soma kifungu" na uhakikishe kinafuatiwa na kifungu kweli.

Kikikosekana nyoosha mkono pale pale. Usimwambie msimamizi "sielewi swali la kwanza", kwa sababu haruhusiwi kukueleza swali na atakujibu ujisomee. Mwambie: "Karatasi yangu haina ukurasa wa 2, kifungu cha swali la 1 hakipo." Hilo ni dosari ya karatasi, na unachoomba ni karatasi nyengine iliyo kamili. Wakati unasubiri, nenda sehemu ya sarufi na utungaji, uandike namba za maswali vizuri ili msahihishaji asipotee. Usimchungulie wa pembeni hata kama kifungu chake kinaonekana wazi. Utakuwa na kosa la pili, na hilo halitaandikwa kuwa la mpiga chapa.